UZI: Ikisiri ya motisha ya walimu imegoma kuingia kwenye maneno 150

Kitulo_Baridi

Kamwene wakuu. Nina makala kuhusu motisha ya walimu wa sekondari wilayani Makete, naipeleka kwenye jarida linalochapisha kwa Kiswahili. Masharti yao ni ikisiri ya aya moja isiyozidi maneno 150. Yangu ina 192 na mfumo wa kupokea makala unaikataa. Naomba mnionyeshe maneno 42 yatoke wapi. Naibandika kama ilivyo:

"Walimu ni nguzo muhimu katika maendeleo ya elimu ya taifa lolote duniani. Tangu uhuru mwaka 1961, Serikali ya Tanzania imechukua hatua mbalimbali za kuboresha mazingira ya kazi ya walimu, hata hivyo motisha ya walimu imeendelea kuwa changamoto kubwa katika maeneo mengi nchini, hususan vijijini. Lengo kuu la utafiti huu lilikuwa ni kuchunguza mambo yanayoathiri motisha ya walimu wa shule za sekondari katika Wilaya ya Makete, mkoani Njombe. Malengo mahususi yalikuwa matatu: kubaini kiwango cha motisha ya walimu, kubainisha mambo yanayoathiri motisha hiyo, na kupendekeza njia za kuiboresha. Utafiti ulitumia mkabala mseto ambapo data za kiidadi zilikusanywa kwa njia ya hojaji na data za kimaelezo kwa njia ya mahojiano. Sampuli ilihusisha washiriki waliopatikana kwa mbinu ya nasibu na ya kusudio. Data za kiidadi zilichambuliwa kwa kutumia programu ya SPSS toleo la 26 na data za kimaelezo zilichambuliwa kwa njia ya uchambuzi wa kidhamira. Matokeo ya utafiti yalionesha kwamba kuna mambo mbalimbali yanayoathiri motisha ya walimu yakiwemo mishahara, makazi, kupandishwa madaraja, uongozi wa shule na mengineyo. Utafiti unahitimisha kwamba motisha ya walimu ipo chini. Utafiti unapendekeza kwamba Serikali na wadau wa elimu washirikiane kuboresha maslahi ya walimu ili kuinua kiwango cha ufaulu wa wanafunzi."

Mzee wa Uyole

Hiyo ni kazi ya dakika mbili. Futa sentensi mbili za mwanzo. Nimezihesabu, zina maneno 44. Toa 44 kwenye 192, zinabaki 148. Tuma, kalale.

ChakiNyeupe

Nimefungua uzi nikidhani kuna habari ya motisha kulipwa. Kumbe maneno 150! Daraja langu limekwama na hakuna anayeniambia limekwama wapi. Andikeni hilo kwenye ikisiri yenu.

Msomaji_Iringa

Mzee wa Uyole amepatia mahali pa kuanzia kukata. Hizo sentensi mbili zingeweza kukaa juu ya makala yoyote ya elimu, kwa hiyo ziondoke. Lakini ukiituma ikiwa na hayo 148, mfumo utaipokea na mhariri ataikwamisha. Hebu tuyahesabu yaliyobaki. Malengo yamechukua maneno 43, mbinu 55, matokeo 22, hitimisho 8, mapendekezo 20. Maneno 55 yanaeleza ulivyofanya kazi na 22 tu ndiyo yanaeleza ulichokuta. Tena katika hayo 22 hakuna tokeo hata moja.

Soma tena sentensi yako ya matokeo: "kuna mambo mbalimbali yanayoathiri motisha ya walimu yakiwemo mishahara, makazi..." Ungeweza kuiandika kabla hujapanda gari kwenda Makete. Weka Kyela au Mbarali badala ya Makete, bado itakuwa kweli. Sentensi inayoweza kuandikwa kabla ya kwenda uwandani haina tokeo ndani yake, ni orodha ya vichwa vya hojaji.

Kwa kikomo cha 150, mgawo unaofaa makala ya aina hii ni lengo maneno 25, mbinu kama 25 hivi, matokeo 60 na kuendelea, na yanayosalia yawe ya mipaka ya utafiti na pendekezo. Usuli uwe sifuri, au sentensi moja fupi kama inabeba pengo halisi la maarifa.

Kwa hiyo acha kwanza kukata. Tupe vitu ambavyo havimo kabisa: walimu wangapi, shule ngapi, motisha uliipima kwa nini, na kipi kilihusiana na motisha kuliko kingine. Tukishavipata ndipo tutajua cha kutoa.

Kitulo_Baridi

Shukrani mkuu. Takwimu nazibadilisha kidogo kwa sababu makala haijatoka, lakini umbo lake ni hili. Walimu 212 wa shule 14 walijaza hojaji, na 16 kati yao nikawahoji ana kwa ana. Motisha niliipima kwa kauli za ari ya kufundisha, kwa mfano kuandaa somo bila kusukumwa na kuingia darasani hata kama hakuna anayefuatilia, kipimo cha 1 hadi 5. Wastani 2.9.

Kuridhika na msaada wa mkuu wa shule kulihusiana na motisha kwa r ya 0.46. Kuridhika na upandishwaji daraja, 0.31. Kuridhika na mshahara, 0.11, na hiyo haikuthibitika kitakwimu. Makazi hayakutoa kitu cha kueleweka. Mshahara ndio ulionishangaza, nikaona bora niutaje juu juu tu. Wahakiki wataniuliza inakuwaje mshahara usiwe na maana kwa mwalimu wa Tanzania.

Mzee wa Uyole

Namba za r hazina kazi kwenye ikisiri. Ikisiri ni kwa msomaji wa kawaida, namba akazikute ndani. Andika tu "msaada wa mkuu wa shule una uhusiano mkubwa na motisha".

Msomaji_Iringa

Mzee, "mkubwa" ni upi? Kuna anayeita 0.46 mkubwa na kuna anayeuita wa wastani. Ukiweka namba unamaliza ubishi kwa neno moja, na kwenye kikomo cha 150 hiyo ni nafuu kubwa. Ila upo sahihi kwa upande mmoja, kwamba si kila namba inastahili kuingia. Alama za p, mikengeuko na idadi ya kauli za hojaji zibaki ndani ya makala. Zinazoingia ni zile zinazobeba hoja, na hapa ni wastani pamoja na hizo r tatu.

Kitulo, kuhusu mshahara, hebu jibu swali moja kabla hujaogopa. Walimu wangapi walisema hawaridhiki na mshahara?

Kitulo_Baridi

Asilimia 87.

Msomaji_Iringa

Hapo ndipo penye makala yako. Uhusiano wa kitakwimu hupimwa kwa tofauti baina ya watu. Kama karibu wote wamekaa upande mmoja wa kipimo, tofauti ni ndogo, na r itakuwa ndogo hata kama mshahara unawaumiza wote. Kwa hiyo 0.11 haisemi kwamba mshahara hauna maana. Inasema kwamba ndani ya Makete, mshahara hautofautishi sana mwalimu mwenye ari na asiye nayo, kwa sababu wengi wao wanalia kilio kilekile. Mkuu wa shule anatofautiana kutoka shule moja hadi nyingine, ndiyo maana uhusiano wake unaonekana.

Ukiandika "mshahara hauathiri motisha" umepotosha, na ikisiri husomwa na wengi ambao makala yenyewe hawataifungua. Ukiuficha umetupa tokeo lako bora. Weka r ya 0.11 na asilimia 87 katika sentensi moja, bega kwa bega. Na sema "huenda", kwa sababu ufinyu wa tofauti ni maelezo yanayowezekana na hukuyapima peke yake.

Jambo jingine ni kitenzi. Ulikusanya data mara moja tu. "Yanayoathiri" haiwezekani hapo. Inaweza kuwa mkuu anayesaidia anapandisha ari, au mwalimu mwenye ari ndiye anayemwona mkuu wake kuwa msaada. Tumia "huhusiana". Na "kuinua ufaulu wa wanafunzi" kufutwe, kwani hukupima ufaulu popote.

Kilolo Juu

Samahani kudandia. Mimi makala yangu ni ya mahojiano matupu, walimu wa msingi 22 huku Kilolo, kikomo maneno 200. Msimamizi wangu anasema malengo mahususi yote lazima yaorodheshwe. Na mimi niweke asilimia?

Mama_Mwanjelwa

Kilolo, msimamizi wako anazungumzia tasnifu. Ikisiri ya tasnifu huwa na nafasi zaidi, na vyuo vingi vinataka malengo yaonekane kwa sababu mtahini anakukagua nayo. Jaridani lengo moja kwa sentensi moja linatosha, na matokeo yenyewe yanaonesha malengo yalikuwa yapi.

Asilimia usiweke. Walimu 22 uliowachagua kwa kusudi hawawakilishi wengine kwa hesabu, na "asilimia 64 ya walimu" ni watu 14 waliovikwa koti kubwa. Taja dhamira mbili au tatu kwa maudhui yake. Usiseme "dhamira tatu zilijitokeza" ukaishia hapo. Sema zilisema nini.

Kitulo, nawe una mahojiano 16 na kwenye majibu yako hukuyagusa. Walimu walisema nini kuhusu madaraja?

Kitulo_Baridi

Walisema karibu anavyosema ChakiNyeupe hapo juu. Kuchelewa kwenyewe wanakuzoea. Kinachowavunja moyo ni kutoelezwa kwa nini.

ChakiNyeupe

Nilidhani nimepotea uzi.

Mama_Mwanjelwa

Basi hiyo sentensi iingie. Inaeleza kitu ambacho 0.31 haiwezi kukieleza.

Sasa upande wa kuhesabu, maana watu wengi hukwama hapa. Majarida mengi yetu yanatumia mfumo wa OJS, na humo mhariri anaweza kuweka kikomo cha maneno cha ikisiri. Ukizidisha unapata ujumbe wa kosa na hauendelei mpaka upunguze. Hapo hakuna wa kumbembeleza. Word huhesabu kwa nafasi, hivyo `r = 0.46` ni maneno matatu na `r=0.46` ni neno moja. Kwa r tatu unaokoa maneno sita ukibana. Usifanye hivyo, maana mhariri wa lugha atarudisha nafasi kulingana na mtindo wa jarida na utajikuta umezidi wakati wa kusahihisha. Acha akiba ya maneno mawili matatu chini ya kikomo. Maneno makuu kwa kawaida yana kisanduku chake, usiyabandike mwisho wa aya.

Mafuta ya kukamua kwenye rasimu yako yapo mengi. "Kwa njia ya" imetokea mara tatu, na kila mahali "kwa" peke yake inatosha, hayo ni maneno sita. "Programu ya SPSS toleo la 26" ni sita mengine. Hakuna atakayesoma makala kwa sababu ya toleo la 26. "Lengo kuu la utafiti huu lilikuwa ni kuchunguza" ni maneno manane. "Makala hii inachunguza" ni matatu.

Takwimu_Tukuyu

Naomba niingize kitu kisichopendeza. Walimu 212 katika shule 14 ni wastani wa walimu 15 kwa mkuu mmoja. Hao 15 wanamzungumzia mtu yuleyule, kwa hiyo majibu yao hayajitegemei. Ukihesabu uthibitisho kana kwamba ni watu 212 waliotengana, unajipa uhakika usio nao. Kwa mshahara si tatizo kubwa. Kwa msaada wa mkuu, ambao ndio tokeo lako kuu, ni tatizo. Je, ulizingatia ngazi ya shule kwenye uchambuzi?

Kitulo_Baridi

Hapana. Nilichanganya wote.

Takwimu_Tukuyu

Basi rudia uchambuzi ukizingatia shule kabla hujaing'arisha ikisiri. Shule 14 ni chache, lakini ni bora kuliko kulifumbia macho. Kama matokeo yatasimama, maneno matatu manne kwenye ikisiri yanatosha kulisema hilo.

Mzee wa Uyole

Nadharia je? Nimesoma hapa hadi chini, hakuna aliyemtaja Herzberg. Makala ya motisha bila nadharia wahakiki wanaichana.

Msomaji_Iringa

Ndani ya makala iwepo. Kwenye ikisiri ya maneno 150 mimi nasema isiingie, na kwa data hizi Herzberg atakuletea maelezo marefu. Nadharia yake ya mwaka 1959 ilitokana na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh. Humo usimamizi umewekwa kundi moja na mshahara, yaani mambo yanayozuia kutoridhika tu, na kupanda cheo kumewekwa kundi la mambo yanayochochea. Tokeo la Kitulo limegeuza, usimamizi umetangulia na daraja limefuata. Ukimtaja Herzberg lazima useme kwamba data zinapishana naye, na kulisema hilo kwa haki kunataka maneno 30. Yatoke wapi?

Mama_Mwanjelwa

Hapo tunatofautiana. Kupishana na nadharia inayotajwa kila kona ni habari. Kama jarida ni la nadharia za elimu, mimi ningekata wastani wa 2.9 na sentensi ya mahojiano ili Herzberg apate nafasi. Kwa jarida la sera au uongozi wa shule, nakubali aachwe nje.

Kitulo_Baridi

Jarida ni la uongozi wa elimu. Nimeijaribu hivi:

"Makala hii inachunguza jinsi kuridhika na mshahara, upandishwaji daraja na msaada wa mkuu wa shule kunavyohusiana na motisha ya walimu wa sekondari wilayani Makete, Tanzania. Walimu 212 kutoka shule 14 walijaza hojaji yenye kipimo cha 1 hadi 5, na 16 kati yao walihojiwa ana kwa ana. Wastani wa motisha ulikuwa 2.9. Motisha ilihusiana zaidi na kuridhika na msaada wa mkuu wa shule (r = 0.46), kisha upandishwaji daraja (r = 0.31). Uhusiano wake na kuridhika na mshahara haukuthibitika (r = 0.11), lakini asilimia 87 ya walimu hawakuridhika na mshahara, hivyo huenda tofauti ndogo baina yao ndiyo iliyoudhoofisha. Katika mahojiano, walimu walisema kinachowavunja moyo si kuchelewa kwenyewe kwa daraja bali ni kutoelezwa sababu. Kwa kuwa data zilikusanywa mara moja, makala haidai kwamba msaada wa mkuu wa shule ndio chanzo cha motisha. Inapendekeza halmashauri ziwape walimu taarifa za mara kwa mara kuhusu hatua ya madaraja yao, kupitia wakuu wa shule."

Word inasema 148. Kichwa cha makala bado kinasema "Nyanda za Juu Kusini".

Mzee wa Uyole

148! Si ndiyo namba yangu ileile ya mwanzo?

Msomaji_Iringa

Namba ni yako, Mzee. Matokeo sasa yana maneno 66.

Kitulo, kichwa kibadilishe kiseme Makete. Wilaya moja haibebi Nyanda za Juu Kusini nzima. Makete ya baridi na barabara za mlimani si Mbarali ya mashamba ya mpunga, na msomaji wa Songwe atatafuta data za Songwe asizione. Pendekezo lako nimelipenda kwa sababu linatoka kwenye mahojiano na lina wa kulitekeleza. "Serikali na wadau washirikiane" haikuwa na mtu wa kuamka asubuhi akaifanya.

Mzee wa Uyole

Bado naona sentensi ya "makala haidai" ni maneno 18 ya kujitetea. Umeshatumia "ilihusiana", mwenye akili ameelewa.

Takwimu_Tukuyu

Mzee nakuunga mkono nusu. Wengi wakisoma "ilihusiana" kichwani wanaandika "ilisababisha", kwa hiyo si ya bure. Lakini ningeifupisha iwe "Data zilikusanywa mara moja, hivyo chanzo hakijathibitishwa." Hayo ni maneno saba. Yanayookolewa ni 11, na hapo ndipo pa kusema kwamba uchambuzi ulizingatia ngazi ya shule, ukishaufanya.

Mama_Mwanjelwa

"Chanzo" cha nini? Ukifupisha hivyo msomaji anaachwa hewani. Mimi ningeacha ile ndefu na kupunguza kwingine: "yenye kipimo cha 1 hadi 5" iwe "(kipimo 1–5)".

Kilolo Juu

Na mimi nimekata malengo mahususi. Msimamizi sijamwonyesha bado.

Kitulo_Baridi

Nimerudi kwenye data kuzipanga upya kwa shule, sijatuma. Takwimu_Tukuyu, nina shule mbili ambazo walimu waliojaza ni wanne wanne tu. Niziache ndani au nizitoe?

Takwimu_Tukuyu

Ziache. Ukizitoa utalazimika kueleza kwa nini, na ikisiri itaanza na walimu 204 wa shule 12 badala ya 212 wa 14. Rudia hesabu zikiwemo, kisha bandika r mpya hapa. Ile 0.46 ikishuka karibu na 0.31, neno "zaidi" kwenye sentensi ya nne litabidi litoke.